Mjadala: Kompyuta za ofisi tuzipange zifanane na Windows, au tuiache Plasma ilivyo?

Wete Bandarini: Asalaam alaykum jamani. Ofisini kwetu kompyuta ni za zamani, Windows 11 haziingii na Windows 10 ndo imeshaachwa tangu Oktoba 2025, basi tumetia Linux ya Debian 13 yenye Plasma, ndo hiyo inayochora paneli, menyu na madirisha. Sasa tunagombana wenyewe kwa wenyewe, paneli na madirisha tuyapange yafanane na Windows waliyoizoea watu, au tuiache ilivyo wajifunze? Nyie mnaonaje?

Kijana wa Bububu: Iacheni ilivyo. Na kama lazima muige basi fungua System Settings, nenda Global Theme, bonyeza Get New, shusha moja ya Windows, dakika mbili ushamaliza, themu ni rangi tu haina madhara yoyote. Tatizo si Plasma bwana, tatizo makarani wenyewe watu wazima hawataki kujifunza.

Bi wa Masjala: Weye kijana wa Bububu hebu nistahi. Mie nimeanza kazi na taipraita, ikaja Windows 98, ikaja XP, ikaja 7, ikaja 10, na hakuna hata moja niliyofundishwa na mtu, nimejifunza mwenyewe huku watu wamejipanga dirishani wanangoja barua zao. Hiyo Plasma pia tumetiliwa ofisini kwetu. Kinachonikera nikifungua barua tatu huku chini naona kialama kimoja tu cha LibreOffice, nikikibonyeza ndo inaniuliza nataka ipi. Zamani kila barua ilikaa na jina lake pale chini, naisoma naibonyeza basi. Huko ndo kutotaka kujifunza?

Kijana wa Bububu: Bi samahani sikukukusudia weye. Lakini ukweli wapo, kwetu kuna mmoja mpaka leo anaita watu wamprintie.

Mkoani Juu: Nyie wa Unguja mna fundi kila kichochoro ndo mana mnasema iacheni wajifunze. Huku Pemba mtu akikwama anangoja wiki nzima mpaka fundi avuke na boti. Msitupangie.

Kijana wa Bububu: Nani kawapangia? Mtu kauliza, nami nimejibu. Na Wete mafundi wamejaa, usiifanye Pemba kisiwa cha watu waliosahauliwa.

Mkoani Juu: Wamejaa wa simu! Nionyeshe mmoja wa Linux hapo Wete, nipe hata duka alipo.

Fundi Mwanakwerekwe: Boti iacheni kwanza, maana Bi hapo juu kasema jambo lenye kazi na hakuna aliyemjibu. Bi, hilo lako halihitaji themu wala kushusha kitu. Plasma inakuja na wijeti mbili za kuonyesha madirisha yaliyofunguliwa, moja inaitwa Icons-Only Task Manager, ndo hiyo inayokusumbua, nyingine ni Task Manager yenye majina. Kliki ya kulia kwenye paneli pahala patupu, chagua Show Panel Configuration, halafu peleka mausi juu ya hivyo vialama bila kubonyeza, kitatokea kikasha chenye Show Alternatives, humo chagua Task Manager. Watu wengi wanaishia hapo kisha wanalalamika barua bado zinarundikwa pamoja. Ni kwa sababu kurundika ni setingi mbali, ingia Configure Task Manager, sehemu ya Behavior, pale kwenye Group weka Do not group. Sasa kila barua ina jina lake. Ukiwa bado humo kwenye setingi za paneli zima na Floating, paneli ikae imeshikana na ukingo wa chini.

Na menyu ya kuanzia ni njia hiyohiyo, Show Alternatives, ukichagua Application Menu unapata ile inayofunguka ubavuni kwa makundi. Vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha vishakaa kulia, usiviguse.

Ila kijana, hilo la kusema themu ni rangi tu si kweli. Global Theme inaweza kubeba na kodi inayoendeshwa kwenye mashine yako kwa ruhusa zako wewe. Mwezi wa 3 mwaka 2024 kuna mtu aliweka moja aliyoishusha hukohuko kwenye Get New ikamfutia mafaili yake, na KDE wenyewe, ndo wanaoitengeneza Plasma, wakatoa onyo. Kwenye kompyuta ya masjala yenye barua za watu mie siweki. Na hata iliyo salama, ukiiweka huku umetia tiki kwenye Desktop and window layout inafuta mpangilio wa paneli uliokwisha uhangaikia na kuweka wake.

Kijana wa Bububu: Hiyo ilikuwa themu moja tu kati ya mamia.

Fundi Mwanakwerekwe: Moja yatosha. Aliyefutiwa hakujua kama ndo hiyo.

Jambiani Pwani: Mie nataka kama Mac, paneli juu na vitufe vya dirisha kushoto. Nimeweka lakini Firefox imekaidi, vitufe vyake vipo kivyake na sura yao si ile niliyoiweka. Plasma imeharibika?

Fundi Mwanakwerekwe: Haijaharibika. Firefox inajichorea ukingo wake wenyewe, haimwachii KWin, ile sehemu ya Plasma inayosimamia madirisha. Ingia Customize Toolbar, chini kabisa kushoto tia tiki kwenye Title Bar, itavaa ukingo wa Plasma kama wenzake. Programu za GNOME, mwenzake Plasma kwenye Linux, nyingi hazina tiki ya namna hiyo, zitabaki na sura yao. Vitufe vyenyewe vinakaa kwenye faili la `~/.config/kwinrc` hivi, X ni kufunga, I kupunguza, A kutanua:

```
[org.kde.kdecoration2]
ButtonsOnLeft=XIA
ButtonsOnRight=
```

Ukishahifadhi, toka kwenye akaunti uingie tena.

Wete Bandarini: Ahsante fundi, hilo la majina nimelijaribu kwenye moja, limekubali. Mwenzangu hapa anataka tubandike na ile nembo ya Windows kwenye kitufe cha menyu ili watu wasishtuke. Na hizo nyingine nitazipangaje bila kurudia moja moja?

Fundi Mwanakwerekwe: Nembo msibandike kabisa, nakuomba. Mtu akiona nembo ya Windows ataleta flashi yenye setup.exe, ataibonyeza, haifunguki, ataandika ripoti kwamba Windows imeharibika. Ataitafuta na C: mpaka achoke. Mpe mpangilio ambao mkono wake unaujua, lakini ajue yuko ndani ya kitu kingine.

Kuhamisha, chukua mafaili mawili yaliyomo `~/.config`, `plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc` na `plasmashellrc`, la kwanza lina wijeti na la pili lina unene wa paneli na mambo kama hayo. Yanakili huku yule yuza ametoka kwenye akaunti yake. Ukinakili akiwa ndani, Plasma inapofunga inaandika mpangilio wa zamani juu ya ule uliouleta, asubuhi unakuta hakuna kilichobadilika. Kwa akaunti ambazo hazijaundwa bado, yatie `/etc/skel/.config`.

Mkoani Juu: Mie nipo upande wa kuiga na siondoki. Lakini watoto skuli wanaiburura ile paneli mpaka inahamia juu, hiyo inafungwa vipi isisogee?

Kijana wa Bububu: Waache waisogeze, ndo wanajifunza hivyo.

Mkoani Juu: Njoo uirudishe weye basi, nauli ya boti nakulipia.

Bi wa Masjala: Fundi, barua zina majina sasa, Allah akulipe kheri. Ila majina marefu yanakatwa katikati, zote zinaanza "Barua ya kuomba". Hapo napo kuna setingi au nibadilishe namna ninavyoyaita mafaili?

Fundi Mwanakwerekwe: Anza na namba ya jalada, Bi, kisha jina la mtu. Hilo la neno "barua" liache la mwisho.