Mjadala: Ukimeza vidonge vya virutubisho asubuhi, mfungo umevunjika?

Tunu
Nafunga saa 16 na kula ndani ya saa 8; dirisha langu ni saa 6 mchana hadi saa 2 usiku. Saa 1 asubuhi nakunywa kahawa nyeusi na kumeza multivitamini, zinki miligramu 25, kidonge cha chuma cha miligramu 325, D3 na kapsuli mbili za mafuta ya samaki. Nusu saa haipiti, kichefuchefu. Halafu kuna wanaosema hapo mfungo nimeshauvunja. Nani mkweli?

Msumari
Hujavunja kitu, dada. Kanuni ni kalori 50. Chini ya hapo mwili hauna habari. Kapsuli mbili za mafuta ya samaki ni kalori 20 hivi, hivyo vingine ni kama hakuna. Kichefuchefu ni mwili unazoea. Vumilia wiki mbili kitaisha chenyewe.

Ukali
Hiyo kalori 50 mmeipata wapi? Mfungo ni maji. Ukishameza mafuta, utumbo umeamka na nyongo imemwagwa. Kama anafunga ili seli zijisafishe, ameshaharibu asubuhi yote kwa kapsuli mbili.

Mizani
Msumari, nusu ya kwanza ya jibu lako naikubali, ya pili itamtapisha dada wa watu.

Hiyo 50 si mpaka uliopimwa. Ni namba ya kukadiria, watu wameirudia mpaka ikawa sheria. Kinachohesabika ni anafunga kwa nini. Kama ni uzito, kalori 20 za mafuta hazigeuzi kitu, na mafuta hayapandishi insulini kama wanga. Lakini namba hiyo hiyo inadanganya upande wa pili. Unga wa asidi amino ambao watu wa mazoezi huukoroga asubuhi, gramu 5, nao uko kwenye kalori 20 hivi, na bado unaamsha insulini, hasa kwa sababu ya leusini iliyomo. Vitamini za kutafuna zenye ladha ya matunda, kila kimoja mara nyingi kina gramu 2 au 3 za sukari. Kwa hiyo soma kilichomo kabla ya kujumlisha kalori.

Kichefuchefu ni habari nyingine kabisa. Zinki ikiyeyuka kwenye asidi ya tumbo lisilo na chakula, inakwaruza ukuta wa tumbo. Chuma kinafanya vivyo hivyo. Kahawa inaongeza asidi juu yake. Tunu ameviweka vitatu mahali pamoja, saa moja. Hapo hakuna cha kuzoea.

Halafu hiyo 325, dada Tunu, ni uzito wa chumvi nzima ya feras salfeti. Chuma chenyewe ndani yake ni miligramu 65. Bado ni dozi ya tiba, si ya kujazia lishe. Uliandikiwa na nani?

Tunu
Niliandikiwa baada ya kupima damu, ilikuwa imepungua. Zinki niliongeza mwenyewe.

Baraka wa Pili
Kwa kweli swali hili limenisaidia. Nami niliambiwa nifunge saa 12 kabla ya kutolewa damu na nikameza vidonge vyangu vya nywele asubuhi ile. Majibu ya tezi ya shingo yakatoka ya ajabu na yakarudiwa. Kumbe vidonge vinavunja mfungo!

Mizani
Ndugu Baraka, huo ni mfungo mwingine, wa maabara. Na nahisi si mfungo uliovunjika. Vidonge vya nywele na kucha mara nyingi hubeba bayotini mikrogramu 5,000 au 10,000, wakati mtu mzima anahitaji kama 30 kwa siku. Bayotini nyingi inavuruga aina fulani za vipimo, vya tezi vikiwemo, hata kama hukula chochote. Waambie maabara kabla hawajakutoa damu, na siku za kuiacha wakutajie wao, maana hutegemea dozi na kipimo. Sasa tumwachie Tunu uwanja.

Ukali
Mbona umeruka suala la seli kujisafisha?

Mizani
Sikuliruka, nililiogopa kwa sababu hatutalimaliza. Yoshinori Ohsumi alipewa tuzo ya Nobeli mwaka 2016 kwa kazi ya jambo hilo, na sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa kwenye chachu. Kwa binadamu anayefunga saa 16, hakuna kipimo cha kawaida cha kliniki kitakachokwambia lilianza saa ngapi na kapsuli ya mafuta ililirudisha nyuma kwa dakika ngapi. Wewe ukitaka maji matupu, sawa, huna hasara. Ila usimwambie mtu ameharibu kitu ambacho mimi na wewe hatuwezi kukiona.

Ukali
Kutoonekana si kutokuwepo. Mafuta ya samaki hayapungukiwi kitu yakisubiri saa 6. Kwa nini abahatishe?

Mizani
Hapo umenishika, na nakubali, ingawa kwa sababu nyingine. D3 na mafuta ya samaki vinafyonzwa vizuri zaidi pamoja na mlo wenye mafuta. Ukivimeza asubuhi kwa kahawa nyeusi, mfungo hautikisiki sana, ila sehemu ya pesa yako inapita tu. Na ile mibeuo ya harufu ya samaki mara nyingi hupungua ukivimeza katikati ya mlo.

Nasema katikati, si kabla. Watu wengi hufungua mfungo kwa kumeza vidonge vyote kwanza, halafu ndipo wanyanyue kijiko. Tumbo bado ni tupu, umehamisha saa tu na kichefuchefu umekibeba. Kula kama nusu ya sahani, meza na maji glasi nzima, malizia kula. Na usijilaze nusu saa baada ya hapo. Kidonge cha chuma kikikwama kooni kinaweza kuunguza, na utadhani ni kiungulia cha chakula.

Nasra K
Basi na chuma naye akihamishie kwenye mlo? Mimi nina upungufu wa damu wa muda mrefu na daktari wangu alisisitiza tumbo tupu. Tukikisogeza kwenye chakula si tunakitupa?

Msumari
Kweli, hapo Mizani anajipinga.

Mizani
Sijafika huko, ndugu yangu. Dada Nasra yuko sahihi kwamba chakula kinapunguza chuma kinachofyonzwa, pengine kwa nusu au zaidi, kutegemea sahani ina nini. Lakini mtazame Tunu: anakimeza tumbo tupu pamoja na kahawa, na kahawa inakizuia chuma kama chai inavyofanya. Amelipa gharama ya kichefuchefu na faida hajaipata. Juu yake ameweka zinki, ambayo kwa dozi kubwa hugombania njia na chuma.

Mbele yake kuna njia mbili. Ya kwanza, chuma kibaki saa 1 asubuhi, kwa maji peke yake, kahawa isogee hadi saa 3. Kidonge kisicho na sukari hakina cha kuvunja mfungo. Ya pili, kiingie ndani ya dirisha lakini mbali na milo: akila saa 6, akimeze saa 10 jioni pamoja na tunda lenye vitamini C, na chai isubiri walau saa moja.

Nasra K
Na ikiwa njia ya kwanza bado inamchafua?

Mizani
Ahamie ya pili. Ikigoma nayo, akimeze na chakula na akubali kupoteza kiasi. Chuma kilichofyonzwa nusu kinashinda kilichotapikwa chote. Kuna pia suala la siku mbadala: ukimeza dozi kama hiyo, ini linatoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa utumbo kwa karibu siku nzima, hivyo dozi ya kesho inakuta mlango umerudishwa. Kumeza siku moja na kuruka moja kunaongeza sehemu inayoingia kwa kila kidonge, na tumbo linapumua. Ila kwa kuwa Tunu ameandikiwa, hilo alipeleke kwa aliyemwandikia, maana damu ikiwa chini sana huenda wanataka ipande haraka.

Nasra K
Wangu alikataa siku mbadala. Kila siku, basi.

Mizani
Madaktari hawajakubaliana wote juu ya hilo, na wako ana majibu yako mezani, sisi hatuna. Mfuate.

Tunu
Na zinki?

Mizani
Tazama lebo ya multivitamini yako. Nyingi zina zinki kati ya 10 na 15. Ikiwa 15, ukijumlisha 25 yako umefika 40, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha mtu mzima kwa siku, kabla hujahesabu ya chakula. Ukikaa hapo miezi, mwili unaweza kuanza kukosa shaba. Mimi ningekitoa hicho kidonge cha pekee. Ukikitaka kabisa, kiwe cha mlo wa usiku, mbali na chuma.

Kama unataka kumjua mchokozi kwa hakika badala ya kunisikiliza mimi: chuma kibaki, vingine vyote simamisha siku tatu. Kisha rudisha kimoja, siku tatu, halafu kingine. Usirudishe viwili pamoja. Kichefuchefu cha zinki na chuma mara nyingi huanza ndani ya saa moja. Kichefuchefu kikiendelea hata vingine vikiwa vimeachwa, basi ni chuma au kahawa, na kahawa ndiyo rahisi kuitoa.

Msumari
Nimekubali zinki, kalori 50 bado siachi. Ila mimi nina magnesiamu, naimeza saa 4 usiku kabla ya kulala, dirisha limefungwa tangu saa 2. Nayo mtaniambia nimevunja?

Ukali
Ndiyo.

Mizani
Kidonge kitupu, hapana. Ya unga wa kukoroga wenye ladha, geuza kopo usome kama kuna sukari au maltodekstrini. Na kama asubuhi unakimbilia choo, lebo ikisema oksaidi au sitreti, hizo huvuta maji tumboni. Punguza dozi, au tafuta ya glisineti, huwa mpole zaidi.

Msumari
Ni oksaidi. Miligramu 500.

Mizani
Basi hilo ndilo la kushughulikia leo.