Selenium au Playwright: fomu 340 kila mwezi bila kutuma mara mbili

Karani wa Kondele
Wakuu, hamjambo. Nafanya kazi katika chama cha akiba na mikopo hapa Kisumu. Kila mwisho wa mwezi najaza fomu 340 za bima ya wanachama kwenye tovuti ya bima, moja moja, nikinakili kutoka Excel. Fomu moja hunichukua dakika nne, yaani karibu saa 23 za kukaa kitini. Nikaandika skripti ya Selenium ya kujaza fomu hizo kwenye kivinjari badala yangu. Mwezi uliopita intaneti ilizorota, skripti ikakwama kwenye mstari wa 118, nami nikaianzisha tena hapo hapo. Mwanachama huyo, mama muuza samaki, aliandikishwa mara mbili na kukatwa pesa mara mbili. Nimeumia sana. Je, nihamie Playwright ama hii yangu inarekebishika?

Kijana wa Kakamega
Hama, ndugu. Chrome ikijisasisha tu, Selenium inadai utafute chromedriver mpya. Playwright hungoja yenyewe, hivyo kutuma mara mbili kutaisha.

Fundi wa Lanet
Kijana, la chromedriver lilikuwa kweli zamani. Tangu toleo la 4.6, Selenium hujitafutia dereva yenyewe. La kungoja uko sahihi: Playwright haibofyi kitufe mpaka kionekane, kitulie na kiwe tayari kubofywa, kwa hiyo zile `time.sleep(10)` unazifuta. Kwa Selenium utapata karibu hayo hayo ukitumia `WebDriverWait`, ila unaiandika mwenyewe kila mahali.

Lakini Karani, kosa lako halikuwa kwenye kungoja. Ulibofya, seva ikapokea, jibu likapotelea njiani. Skripti ikadhani imeshindwa. Hakuna chombo kati ya hivi viwili kinachojua tofauti hiyo usipokiambia. Ongeza safu ya hali kwenye orodha yako. Kabla ya kubofya, andika INATUMWA na uhifadhi faili. Namba ya kumbukumbu ikionekana kwenye ukurasa, andika IMETUMWA pamoja na namba hiyo. Ukianzisha upya, skripti iguse mistari ambayo safu ya hali bado ni tupu peke yake. Mstari uliobaki INATUMWA, tafuta mwenyewe jina la mwanachama ndani ya tovuti kabla ya kuamua.

```python
page.goto(FOMU)
jaza(page, mstari)
weka_hali(mstari, "INATUMWA")
page.get_by_role("button", name="Submit").click()
kumb = page.locator("#ref-no")
expect(kumb).to_have_text(re.compile(r"\d+"), timeout=60000)
weka_hali(mstari, "IMETUMWA", kumb.inner_text())
```

Hiyo `#ref-no` badilisha kulingana na tovuti yenu. Usiiondoe `timeout`: kubofya hungoja sekunde 30, lakini `expect` isipoambiwa hungoja 5 tu, na tovuti iliyolemewa mwisho wa mwezi haitajibu kwa 5. Na `goto` ya juu ibaki, la sivyo utasoma namba ya mwanachama aliyetangulia.

Mwalimu wa Bungoma
Mimi nilirekodi mibofyo kwa Selenium IDE nikaandikisha wanafunzi 60 bila kuandika msimbo. Shida ilikuwa namba zao: zinazoanza na sufuri zilipoteza sufuri ndani ya Excel, na fomu ikazipokea bila kulalamika.

Fundi wa Lanet
Mwalimu, ukiandika skripti, soma faili kwa pandas ukiweka `dtype=str`, na safu yenyewe ndani ya Excel iwe ya maandishi kabla hujaandika chochote. Sufuri iliyokwisha kufutwa hairudi. Karani, simu za wanachama wako zinaanza na sufuri pia, zikague. Na tarehe: kwa kisanduku cha `type="date"`, `fill` ya Playwright inataka 2025-03-31. Selenium hugonga tarakimu kama kibodi, kwa mpangilio wa lugha ya kivinjari, hivyo tarehe 4 mwezi wa 3 inaweza kugeuka tarehe 3 mwezi wa 4 kimya kimya.

Dada wa Mumias
Mnazungumzia chombo, hamjauliza kama mwenye tovuti anaruhusu. Karani, akaunti ni ya chama, ikifungwa wanachama wote wanaumia. Waulize kwanza kama wanapokea faili moja la wote 340. Na kama kuingia kunahitaji msimbo wa simu, ingia mwenyewe, usijaribu kuukwepa.

Karani wa Kondele
Asante dada, barua nimeituma, sijajibiwa. Wakati huo nimejaribu wanachama kumi kwa Playwright nikiwa nimeingia mwenyewe. Tisa wamepata namba. Mmoja amebaki INATUMWA, nimemtafuta, hayumo. Bosi anataka skripti imtume tena yenyewe.

Kijana wa Kakamega
Kama hayumo, si itume tu?

Fundi wa Lanet
Ulimtafuta baada ya muda gani? Tovuti nyingine huingiza majina kwenye orodha baadaye. Mimi ningengoja mpaka kesho asubuhi.

Dada wa Mumias
Mimi ningewapigia simu.