Kazi nne za vipindi kwenye bodi moja: kitanzi cha kupeana zamu au RTOS ndogo?

enkoda_mbovu:
Wakuu, salaam. Nina kifaa kinachoendesha mota, bodi ni STM32F103 yenye RAM ya KB 20. Kazi zake ni nne. Ya kwanza ni kudhibiti kasi kila ms 5: kusoma enkoda, kupiga hesabu ya PID, kubadili PWM. Ya pili ni kusoma kihisi cha mkondo kila ms 100 kupitia I2C. Ya tatu ni kuchora skrini ya SSD1306 kila ms 250, kwenye I2C hiyohiyo. Ya nne ni kuandika rekodi za kasi kwenye kadi ya SD kila sekunde moja. Zote nimezipanga kwenye kitanzi kimoja kinachoangalia `millis()`, kila moja ikimaliza inaipisha nyingine.

Nimetenga pini moja inayopanda kila udhibiti wa kasi unapoanza, nikaiangalia kwenye osiloskopu. Mara nyingi nafasi kati ya mpando na mpando ni ms 5 safi. Skrini ikichorwa inafika hadi 28, na kadi ikiandikwa kuna wakati inapita 100. Mota inasikika kabisa ikikohoa. Je, nihamie FreeRTOS au kuna namna ya kuokoa nilichonacho?

waya_mwekundu:
Hamia tu mkuu, usijitese. Kazi zikishazidi tatu kitanzi hakiwezi tena. Udhibiti upe kipaumbele cha juu kabisa, weka `vTaskDelay(5)` mwishoni mwake, umemaliza.

tiki_moja:
Waya, kipaumbele umesema sawa, lakini idadi ya kazi siyo inayomwumiza. Tupige hesabu. Skrini ya pikseli 128 kwa 64 ni baiti 1024. Kila baiti kwenye I2C inakula biti 9, kwa hiyo ni biti 9216. Kwa mwendo wa kHz 400 hiyo ni ms 23 hivi. Chukua 5 za kawaida ujumlishe 23, unapata zile 28 alizoziona. Sasa ms 23 ndani ya kila 250 ni asilimia 9 tu ya muda wa kichakato. Enkoda, udhibiti wako unachukua muda gani?

enkoda_mbovu:
Mikrosekunde 120 hivi. Kusoma mkondo kama ms 1.

tiki_moja:
Basi udhibiti ni asilimia 2.4, mkondo asilimia 1. Ukiiacha kadi kando, kichakato kimekaa bure zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, na bado mota inakohoa. Kinachokuumiza ni kazi moja inayokaa muda mrefu bila kuachia zamu. Ungekuwa na kazi ishirini za nusu milisekunde kila moja, kitanzi kingekutosha.

Kabla ya kuhama angalia mambo mawili. Kwanza, kitanzi chako kinapitaje kazi? Kikipita kazi zote kwa mzunguko, udhibiti unaweza kusubiri jumla ya nyingine zote tatu zikiangukia pamoja. Kikirudi juu ya orodha kila kazi moja inapomalizika, unasubiri ile ndefu kuliko zote tu. Tofauti ni `break` moja:

```c
for (int i = 0; i < N; i++) {
    if ((uint32_t)(millis() - kazi[i].mwisho) >= kazi[i].kipindi) {
        kazi[i].mwisho += kazi[i].kipindi;
        kazi[i].fn();
        break;   /* rudi kwenye kazi ya kwanza */
    }
}
```

Pili, skrini inakatika vizuri. SSD1306 ina kurasa 8 za baiti 128. Tuma ukurasa mmoja kila zamu, ni ms 3 hivi, kisha achia. Mwenye kutazama hataona tofauti. Baada ya hapo nafasi mbaya zaidi upande wa skrini itakuwa kama ms 8 badala ya 28.

bodi_ya_dirishani:
Mimi natumia ESP32 na sijawahi kusumbuka na haya. Pale `loop()` yenyewe inaendeshwa ndani ya FreeRTOS, na `delay()` inawaachia wengine nafasi. Kilichonisumbua ni steki. Nilichukua mfano wa kazi ulioandikwa kwa ESP32, steki ikiwa 2048, nikauhamishia kwenye bodi ya Cortex-M, RAM ikaisha papo hapo. Kumbe kwenye ESP-IDF namba ile ni baiti, na kwenye FreeRTOS ya kawaida ni maneno ya baiti 4, kwa hiyo nilikuwa naomba KB 8 kwa kila kazi. Kwa hiyo enkoda, nunua ESP32.

enkoda_mbovu:
Bodi sibadilishi, imeshachorwa na kuunganishwa. Ila hilo la steki nimelishika.

Tiki, skrini nimeelewa. Kadi nayo naikataje?

tiki_moja:
Hapo ndipo penyewe. Kadi ya SD ikipokea bloku ya baiti 512 inaweza kukaa "bize" ikipanga mambo yake ya ndani. Kwa kawaida inamaliza haraka, lakini viwango vinairuhusu hadi ms 250, na wewe huna pa kulalamika. Ukitumia maktaba kama FatFs, `f_write()` inakaa ndani ikisubiri mpaka kadi iachie. Ukiita `f_sync()` inaandika data, jedwali la FAT na saraka, yaani kusubiri huko kunaweza kujirudia. Huwezi kuikata bila kuifungua maktaba na kuigeuza kuwa mashine ya hali. Inawezekana, ila mimi nisingependa kuwa mtu wa kuitunza.

Na usisahau kinachotokea baada ya kuchelewa. Tuseme kadi imekaa ms 200. Kwa ile `mwisho += kipindi`, udhibiti unadaiwa zamu 40, na utazilipa zote mfululizo. Enkoda haijapata muda wa kusogea, kwa hiyo PID inakusanya kosa lilelile mara 40 kwenye sehemu ya intigrali. Huo mkohoo unaousikia nadhani ni huo zaidi kuliko kuchelewa kwenyewe. Weka sharti: ikiwa umechelewa zaidi ya kipindi kimoja, ruka zamu zilizopita na uanze upya kutoka sasa.

pini_kumi_na_tatu:
Mbona mnazunguka wakuu? Enkoda inahesabiwa na taima ndani ya chipu, PWM nayo ni taima. Udhibiti haugusi I2C wala SPI. Utie ndani ya interapti ya taima ya ms 5, vingine viache kwenye kitanzi kama vilivyo:

```c
void TIM3_IRQHandler(void) {
    TIM3->SR = ~TIM_SR_UIF;
    udhibiti_wa_kasi();
}
```

Kadi ikae ms 250 ikitaka, udhibiti utaikatiza. Hakuna keneli, hakuna steki nne za kugawa.

waya_mwekundu:
Interapti inatakiwa iwe fupi sana lakini. Hesabu za PID humo ndani ni kosa.

pini_kumi_na_tatu:
Mikrosekunde 120 kati ya 5000 ni fupi. Kanuni ile inaumiza pale ambapo interapti nyingine haiwezi kusubiri hizo 120. Ukiwa na UART inayopokea kwa kasi, ipe kipaumbele cha juu kuliko taima, na kwenye Cortex-M namba ndogo ndiyo kipaumbele kikubwa. Watu wengi wanaigeuza.

tiki_moja:
Kwa kifaa hiki kama kilivyo leo, nakubaliana na Pini. Nongeze tahadhari moja. Vitufe vikibadilisha Kp, Ki na Kd kutoka kwenye kitanzi, interapti inaweza kuingia katikati na kukuta Kp mpya na Ki ya zamani. Kila namba ya biti 32 peke yake inaandikwa kwa mkupuo, lakini tatu kwa pamoja haziandikwi hivyo. Zima interapti, nakili zote tatu, washa tena. Rekodi za kadi nazo zipitishe kwenye bafa ya duara: interapti inaandika, kitanzi kinasoma. Sampuli 200 kwa sekunde za baiti 8 ni baiti 1600 kwa sekunde. Kadi ikikaa ms 250 zinarundikana sampuli 50, na kwa kuwa `f_sync()` inaweza kurudia kusubiri, weka nafasi ya 128, yaani KB 1. Ila kitanzi kiitoe bafa hiyo kila inapopata nafasi, kisingoje ile sekunde yako moja, maana kwa sekunde zinakuja 200.

Ukienda RTOS bafa hiyohiyo utaihitaji, itaitwa foleni tu.

enkoda_mbovu:
Na kama nitaongeza modemu baadaye? Mteja ameshaanza kuiulizia.

tiki_moja:
Hapo mizani inageuka kwangu. Modemu ikijibu amri inaweza kukaa sekunde kadhaa, kadi nayo inakaa, na zote mbili ziko kwenye kitanzi kimoja zikisubiriana huku skrini imeganda na vitufe havisikii. Interapti haikuokoi na hilo. Kwenye FreeRTOS kila moja inalala kivyake. Udhibiti ungeandikwa hivi, na si kwa `vTaskDelay(5)` ya Waya:

```c
TickType_t mwisho = xTaskGetTickCount();
for (;;) {
    vTaskDelayUntil(&mwisho, pdMS_TO_TICKS(5));
    udhibiti_wa_kasi();
}
```

`vTaskDelay` inahesabu kuanzia inapoitwa, kwa hiyo kila kuchelewa kunabebwa kwenda mbele na kipindi kinateleza. Hakikisha pia `configTICK_RATE_HZ` ni 1000. Ikiwa 100, tiki moja ni ms 10 na hizo 5 zinakuwa sifuri.

Rekodi ipe kipaumbele cha chini kabisa. Maktaba nyingi za kadi zinasubiri kwa kuzunguka papo hapo bila kulala, na kazi ya namna hiyo ikiwa juu ya skrini, skrini inakosa zamu kama vile hukuhama. Halafu mkondo na skrini viko kwenye I2C moja, vinahitaji kufuli. RTOS haiiongezi waya kasi: skrini ikishika kufuli ms 23, kihisi kinasubiri ms 23, hata kikiwa na kipaumbele cha juu. Kwa hiyo kukata skrini kurasa nane kunabaki palepale. Kufuli liwe la `xSemaphoreCreateMutex`, lile linalorithisha kipaumbele. Semafori ya kawaida hairithishi, na tatizo la namna hiyo ndilo lililokuwa likikiwashawasha upya chombo cha Pathfinder huko Mirihi mwaka 1997.

pini_kumi_na_tatu:
Mimi hata na modemu ningebaki na kitanzi. Kuongea na modemu ni mashine ya hali rahisi: tuma amri, weka alama ya muda, ondoka, rudi uangalie bafa ya UART. Inayobaki ndefu ni kadi peke yake.

tiki_moja:
Rahisi mpaka siku ya kuunganisha upya mtandao ukiwa katikati ya kutuma. Hapo mimi na wewe hatutakubaliana, mkuu.

bodi_ya_dirishani:
Ukienda RTOS, washa `configCHECK_FOR_STACK_OVERFLOW` ikiwa 2, na baada ya kifaa kukimbia siku nzima soma `uxTaskGetStackHighWaterMark()` ya kila kazi. Ya rekodi ndiyo itakushangaza, hasa ukitumia `sprintf` na namba za desimali.

enkoda_mbovu:
Nimeweka udhibiti kwenye TIM3 na skrini nimeikata kurasa nane. Pini ya majaribio sasa inaonyesha ms 5 hata kadi ikiandika, kuyumba kwake kwenye osiloskopu siwezi hata kukusoma kwa kipimo hiki. Mkohoo umeisha. Vitufe bado vinaganda kadi ikikaa bize, na hilo interapti haijaligusa. Modemu ikithibitishwa nitarudi na swali la RAM, maana FatFs na bafa zangu zimeshakula KB 6 kabla ya steki yoyote.