Mrejesho: Kutetemeka nikipiga kinanda mbele za watu

Niliuliza: "Nikipiga kinanda kwaya ikisimama, vidole vinatetemeka na moyo unadunda. Shangazi ana propranololi zake za presha. Nimeze moja?"

Wakuu, nilienda kwa daktari hapa Kigoma mjini, za shangazi sikugusa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nina pumu. Dawa hii huzuia adrenalini kwenye moyo na misuli, ndiyo maana mapigo na mtetemo hupungua, lakini huizuia pia kwenye mapafu, na mwenye pumu njia za hewa zinaweza kubana vibaya. Akasikiliza kifua, akapima presha na mapigo, kwa sababu mwenye mapigo ya polepole sana nayo haimfai. Akauliza pia kisukari: kwa anayetumia insulini, sukari ikishuka dawa huficha moyo kwenda mbio, ile dalili ya kumshtua.

Akaniandikia miligramu 10, saa moja kabla ya kupiga, na akasisitiza niijaribu kwanza nyumbani siku isiyo na ibada. Wengine hupewa hadi 40, ila kizunguzungu au mikono ya baridi ni bora ukutane navyo sebuleni.

Jumapili vidole vilitulia. Hofu kichwani ilibaki (nilijua fika mchungaji ananitazama), kwani dawa hutuliza mwili tu. Daktari huitoa kwa tukio maalumu kama hili. Wasiwasi wa kila siku alisema una matibabu yake mengine.