Naomba ushauri: bango la mahafali liandikwe "latanjahunna" au kuna mwisho mwingine?

Mwalimu_Tanga
Assalamu alaykum. Ninasomesha sarufi ya Kiarabu katika madrasa moja hapa Tanga, na mahafali yetu yamekaribia. Kwa ajili ya bango la kitambaa litakalotundikwa nyuma ya jukwaa nimetunga sentensi ya kiapo yenye maana ya "Wallahi mtafaulu", na kitenzi nimekitia nuni ya mkazo ile nzito, yenye shada, kikawa *latanjahunna*. Mwenzangu mmoja amesema mwisho huo haufai, na nilipomwuliza sababu akaniambia nirudi kwenye vitabu. Nimerudi, na kila ninaposoma naona kwamba wakiwa wengi, herufi iliyo kabla ya nuni hupewa dhuma. Fundi wa maandishi anasubiri jibu langu, nami sitaki kosa lisimame mbele ya wazazi. Naomba mwenye ujuzi anihakikishie.

Kijana_wa_Pangani
Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu. Mimi nilifundishwa kwamba nuni ya mkazo ikiingia, kitenzi huacha kubadilika na hujengwa juu ya fat-ha moja kwa moja, hata watendaji wakiwa wengi. Ushahidi umo katika Suratu Hud, aya ya 7: *layaquulanna lladhiina kafaruu*. Waliokufuru ni wengi, na bado ni *layaquulanna*, si *layaquulunna*. Kwa hiyo andika *latanjahanna*, na mwenzako atanyamaza.

BiMwana_Lamu
Mwanangu wa Pangani, aya umeitaja sawasawa, lakini umesimama mapema. Soma inayofuata, ya 8: *layaquulunna maa yahbisuh*. Wasemaji ni wale wale waliokufuru, nuni ni ile ile, na irabu imegeuka. Katika aya ya 7 mtendaji ametajwa kwa jina lake baada ya kitenzi, nacho kitenzi cha Kiarabu kikitangulia mtendaji wa namna hiyo hubaki katika umbo la mmoja, ndipo kikachukua fat-ha. Katika aya ya 8 mtendaji hakutajwa nje. Yumo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa ile wau ya wengi. Asili yake ilikuwa *layaquuluuna*, na nuni nzito ilipoingia zikakutana nuni tatu mfululizo, ikaondolewa ile ya kwanza ambayo ni alama ya irabu tu. Hapo wau yenye sukuni ikagongana na nuni yenye sukuni, wau nayo ikaondoka, na dhuma ikabaki nyuma kuwa shahidi wake. Kwa hiyo irabu iliyo kabla ya nuni ndiyo inayotujulisha ni nani anayetenda: fat-ha ni mmoja, dhuma ni wanaume wengi, kasra ni mwanamke mmoja anayesemeshwa.

Sasa, Mwalimu, umetuonyesha kitenzi bila sentensi. Hao watakaofaulu ni akina nani, na bango linaanza na neno gani?

Abu_Salma_Maskati
Mimi niko Maskati mwaka wa tano sasa, na katika mazungumzo ya watu, iwe sokoni au ofisini, nuni hiyo haipo kabisa. Mtu hukuapia *wallahi* kisha akaendelea na kitenzi kitupu. Nilipofika niliwahi kumwambia mwenye nyumba *la-adfa'anna*, yaani hakika nitalipa, akacheka sana, akaniuliza kama nimekuja kumsomea hotuba. Ushauri wangu ni kwamba watu wa leo hawaitumii, basi iondoe upumzike.

BiMwana_Lamu
Ndugu Abu Salma, uliyoyaona ni kweli kwa lahaja za mazungumzo, lakini bango la mahafali limeandikwa kwa Kiarabu cha vitabu, na humo kuiondoa si hiari. Yakitimia mambo manne, nuni huwa lazima: pawepo kiapo, kitenzi kiwe cha kukubali na si cha kukanusha, maana yake iwe ya wakati ujao, na ile lamu ya jibu la kiapo ikigusie kitenzi bila kitu kati yao. Ndivyo alivyoapa Ibrahimu katika Suratul-Anbiyaa, aya ya 57: *tallaahi la-akiidanna asnaamakum*. Sentensi ya Mwalimu, kwa kadiri aliyotuonyesha, ina yote manne. Kwenye amri ndiko uhuru ulipo: ukitaka sema *ijtahid*, ukitaka utie mkazo useme *ijtahidanna*, na zote mbili ni sahihi. Kitenzi cha wakati uliopita hakiikubali kabisa, maana mtu hahimizi jambo lililokwisha kutokea.

Bado namngoja Mwalimu.

Mwalimu_Tanga
Nashukuru, Bi Mwana. Sentensi kamili ni hii: *Yaa banaatii, wallaahi latanjahunna*. Wahitimu mwaka huu ni wasichana watupu. Sikulitaja hilo mwanzo kwa sababu sikuona kama linageuza kitu, kwani ukumbini watakuwemo baba zao, kaka zao na wageni, na Kiarabu kinapochanganya wanaume na wanawake huchukua umbo la wanaume. Zaidi ya hapo, fundi ameshachora kwa kalamu ya risasi na upana wa kitambaa umepimwa kwa neno hilo. Tena bango halitawekwa irabu, kwa hiyo machoni pa msomaji *latanjahanna*, *latanjahunna* na *latanjahinna* ni maandishi yale yale.

Kijana_wa_Pangani
Ikiwa halina irabu, mbona tunahangaika? Kila mtu atasoma anavyojua.

BiMwana_Lamu
Tunahangaika kwa sababu umbo la wanawake wengi linaonekana hata bila irabu: lina alifu ndani yake.

Mwalimu, hoja yako ya mchanganyiko ina msingi pale unapousemesha ukumbi mzima. Umeifunga mwenyewe uliposema *yaa banaatii*, "enyi mabinti zangu", kwani baada ya mwito huo anayesemeshwa ameshajulikana na baba hawamo. Kwa mabinti, kitenzi kabla ya mkazo ni *tanjahna*, na nuni hiyo ya mwisho si alama ya irabu kama ile ya wanaume. Ndiyo mtendaji mwenyewe. Mtendaji haondolewi ili kupisha mkazo. Lakini nuni yao ikifuatwa na nuni nzito zinakuwa tatu zimebanana, na ulimi hauzipendi, kwa hiyo Waarabu waliweka alifu ya kutenganisha, na nuni ya mkazo ikapewa kasra badala ya fat-ha: *latanjahnaanni*. Kasra hiyo utaiona pia kwa watu wawili, kama walivyoambiwa Musa na Haruni katika Suratu Yunus, aya ya 89: *wa laa tattabi'aanni*. Kwa wawili alifu ni yao wenyewe, nayo haiondoki, kwa kuwa ingeondoka wangefanana na mmoja.

Tena ukiandika bila alifu, binti anayejua sarufi atasoma *latanjahna*, yaani umbo la wanawake lisilo na mkazo, na atauliza kiapo kimepoteza nuni yake wapi.

Hafidha_Ng'ambo
Samahani kama natoka kidogo. Mimi nimekwama mahali pengine: katika Suratu Yusuf, aya ya 32, mke wa mheshimiwa anasema *layusjananna wa layakuunan*. Neno la kwanza limeandikwa kwa nuni, la pili limeandikwa kwa tanwini juu ya alifu kama jina. Mwalimu wangu wa tajwidi huniambia nikisimama hapo nisome *layakuunaa*. Je, hiyo nayo ni nuni ya mkazo?

BiMwana_Lamu
Ndiyo, dada, na mwalimu wako amekuongoza vyema. Hiyo ni nuni nyepesi, yenye sukuni, isiyo na shada. Katika Qurani, kwa usomaji wetu wa Hafsi, imekuja mara mbili tu, hapo na katika Suratul-Alaq, aya ya 15, *lanasfa'an*. Kwa kuwa msomaji akisimama huigeuza kuwa alifu, msahafu umeiandika kwa sura ya kusimama.

Mchunguzi_Huru
Nimesoma tangu juu, na ninasema wazi kwamba siamini habari hii. Mtu anayesomesha sarufi hawezi kutoona tofauti kati ya wasichana na wanaume katika kitenzi. Swali limekusanya kiapo, lamu, wakati ujao na wanawake wengi, kana kwamba limepangwa ili liguse kila kanuni. Hili ni swali la mtihani, na bango limebuniwa ili tulijibu kwa huruma. Wanafunzi wa siku hizi wanapaswa kutoa jasho lao wenyewe.

Kijana_wa_Pangani
Mimi pia nimeanza kushuku. Mwalimu, sema kitu kinachoweza kuthibitishwa.

Mwalimu_Tanga
Nimeumizwa na maneno hayo, lakini nitajibu kwa hoja. Tofauti ya wasichana na wanaume naijua. Nilichosema ni kwamba umbo la wanaume linaweza kuwabeba wote, na bado naona kuwa wazo hilo halikuwa la ovyo. Na kama ningekuwa mtungaji wa mtihani nisingechagua *najaha*, kitenzi chenye herufi nzima tatu kisicho na taabu. Ningechagua kitenzi kinachoishia kwa herufi dhaifu, maana huko ndiko wanafunzi wanakoanguka.

BiMwana_Lamu
Katika hilo Mwalimu amesema kweli ya mtu aliyewahi kusahihisha madaftari. Tazameni Suratu Aali Imran, aya ya 186: *latublawunna fii amwaalikum wa anfusikum wa latasma'unna*. Vitenzi viwili katika aya moja, vyote vya wanaume wengi, na wau imebaki katika cha kwanza, imeondoka katika cha pili. Mwanafunzi aliyekariri kwamba wau huondoka daima atasahihisha neno ambalo halina kosa. Katika *latasma'unna* dhuma ilikuwapo kabla ya wau, kwa hiyo wau inaweza kwenda ikaacha dalili. Katika *latublawunna* kilicho kabla ya wau ni fat-ha, kwani alifu ya mwisho ya kitenzi ilishaondoka; wau ingeondoka nayo, kisingebaki cha kuonyesha wengi. Ndiyo maana ikabakizwa na kupewa dhuma yenyewe.

Na kwa mmoja, herufi dhaifu iliyofutwa kwenye amri hurudi: *ud'u* huwa *ud'uwanna*, na *irmi* huwa *irmiyanna*.

Mchunguzi_Huru
Elimu nimeifaidi, na shaka yangu juu ya bango ninabaki nayo.

Mwalimu_Tanga
Sawa. Narudi kwenye kitambaa. Neno lenye alifu na nuni zaidi halitaenea kwenye nafasi iliyopimwa. Je, siwezi kutumia nuni nyepesi kwa mabinti, iwe *latanjahnaan*, angalau shada ipungue?

BiMwana_Lamu
Shada haichukui nafasi kwenye kitambaa, Mwalimu. Alifu ndiyo inayochukua, nayo ingebaki. Halafu hapo utaingia katika mgogoro wa zamani. Wanasarufi wa Basra wanakataa nuni nyepesi baada ya alifu kwa sababu sukuni mbili hukutana, na hawaruhusu hilo isipokuwa ya pili iwe imo ndani ya shada, kama katika *dhaalliin*. Yunus bin Habib, mwalimu wa Sibawayhi, pamoja na watu wa Kufa waliiruhusu. Mimi sitakuamulia ugomvi huo juu ya bango.

Ukitaka neno fupi, tenganisha lamu na kitenzi. Weka *saufa* kati yao: *wallaahi lasaufa tanjahna*. Nuni ya mkazo hairuhusiwi tena hapo, kama katika Suratudh-Dhuha, aya ya 5, *wa lasaufa yu'tiika rabbuka*, na kiapo hakipungukiwi na kitu.

Abu_Salma_Maskati
Kumbe iliwezekana kuiondoa.

BiMwana_Lamu
Kwa kuweka *saufa*, ndugu yangu. Kuiondoa peke yake, hapana.

Mwalimu_Tanga
*Saufa* inaongeza herufi tatu ili kuokoa mbili, na fundi anahesabu herufi. Ninaelekea kufuta *yaa banaatii* na kuiacha *latanjahunna* iusemeshe ukumbi wote.

BiMwana_Lamu
Ukiufuta mwito, sarufi haitakuwa na neno nawe. Lakini mwulize kwanza binti atakayelisoma bango kwa sauti siku hiyo kama anaona ameapiwa yeye.