Tupeane uzoefu: kutoka daftari la kikao hadi muhtasari rasmi

KatibuWaMaji: Wakuu, naandika mihtasari ya kamati ya maji kijijini kwetu. Kinachonisumbua zaidi ni kutenganisha yaliyozungumzwa na yaliyoazimiwa. Kikao cha Machi daftari lilisema hivi: "pampu haina nguvu, fundi aitwe, kama laki 4, hazina afuatilie, wiki ijayo." Muhtasari ukasomeka:

*Ajenda Na. 4: Matengenezo ya pampu. Mwenyekiti aliwafahamisha wajumbe kuwa pampu imepungua nguvu. Baada ya majadiliano, kikao kiliazimia aitwe fundi, na gharama zisizidi Sh. 400,000. Mhusika: Mweka hazina. Mwisho wa utekelezaji: Ijumaa, 14 Machi 2025.*

"Wiki ijayo" nimeitoa kwa sababu atakayesoma mwezi Mei hataelewa ni ipi. Mhusika ni mtu mmoja. Ukiandika "kamati", hakuna wa kuulizwa. Nyie mnafanyaje?

Mama_Vikoba: Mimi naandika kila neno na aliyelisema, mtu asije akakana.

MwalimuMstaafu: Dada, jina liandike pale mjumbe anapotoa taarifa, au anapoomba pingamizi lake liingizwe. Kwingine hoja inatosha. Ukiandika kila neno, azimio linapotelea katikati ya ukurasa wa tano na hakuna anayeliona.

Mama_Vikoba: Kwenye fedha lakini siachi majina, Mwalimu. Nimeshaona watu wakigeuka.

Kijana_wa_Boda: Sisi kikundi chetu benki ilitukatalia muhtasari. Tuliandika "wajumbe walikubaliana kubadilisha watia saini", basi. Wakataka majina ya wanaotoka na wanaoingia, mahudhurio yenye saini, na mhuri. Tukaitisha kikao upya. Je, mkopo nao unahitaji muhtasari?

MwalimuMstaafu: Mkopo wa kikundi, ndiyo, kwa kawaida wanaudai. Azimio litaje kiasi, kazi ya fedha hizo, na nani ameruhusiwa kusaini.
KatibuWaMaji, nina swali. Daftari lilisema "kama laki 4". Hayo ni makadirio. "Zisizidi" umeitoa wapi?

KatibuWaMaji: Nilimpigia mwenyekiti kabla sijaandika, akasema ndivyo kikao kilivyomaanisha.

MwalimuMstaafu: Mwenyekiti peke yake hawezi kuweka ukomo ambao wajumbe hawakuupitisha. Ningeandika "inakadiriwa Sh. 400,000", kisha kikao kijacho kiamue. Mimi kabla ajenda haijafungwa humwomba mwenyekiti nilisome azimio kwa sauti: nini, nani, lini. Utata unaisha watu wakiwa bado wamekaa.

KatibuWaMaji: Lakini fundi akija na bei ya laki 7, mweka hazina asimamie wapi?

Afisa_Ushirika: Rasimu isambaze ndani ya siku chache, wajumbe wakiwa bado wanakumbuka. Kwenye yatokanayo usikubali neno "linaendelea". Andika kilichofanyika, kilichobaki na tarehe mpya. Hilo la ukomo, hata ofisini kwetu tunabishana.