Nionyeshe nini ili wateja waelewe bei ya siagi yangu ya njugu?

MamaNjugu_Kibuye: Hamjambo wadau. Natengeneza siagi ya njugu hapa Kisumu. Chupa ya gramu 400 nauza Sh 300, na wateja wanalia kwamba supamaketi wanaipata kwa 240. Nimeweka video za mashine ikisaga, wanasifu kisha wanaomba nipunguze bei. Njugu nanunua Sh 200 kilo. Kilo 10 nikizichambua, nikakaanga na kupepeta maganda, nabaki na kilo 8. Nirekodi nini?

Omosh_254: Vaa koti jeupe na kofia, watu waone usafi. Mwisho waonyeshe kuku wakila zile njugu ulizotoa, wajue hakuna kinachopotea.

MzeeWaKaranga: Usafi sawa, lakini kuku hapana! Njugu zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi ndizo hubeba sumukuvu kwa wingi. Kuku hudhurika, na ng'ombe akizila sumu hupita hadi kwenye maziwa. Zizike.

Dada, mashine kila msagaji anayo. Rekodi kuchambua: mikono juu ya ungo, na beseni la mbovu likijaa, kisha lipime mizani ikionekana. Tuseme ni kilo moja kati ya zile 10. Kilo 8 zinatoa chupa 20, kwa hiyo njugu zilizotupwa ni Sh 10 tu kwa chupa. Mchambuaji ukimlipa Sh 600, hiyo ni Sh 30 nyingine. Tayari una Sh 40 kati ya zile 60 anazolalamikia mteja, na ameziona kwa macho. Zilizobaki zieleze kwa kibandiko: kama yako ni njugu tupu, weka chupa yako kando ya ile yenye sukari na mafuta ya kuongeza, asome mwenyewe. Mwonyeshe pia mafuta yakielea juu na wewe ukiyakoroga, maana wengi hudhani imeharibika.

Ila usiseme "haina sumukuvu". Kukaanga hakuimalizi, na jicho haliioni yote. Neno hilo liseme ukiwa na majibu ya maabara ya mzigo huo huo.

Chebet_Nakuru: Hiyo mashine ulinunua pesa ngapi? Yangu inapata moto sana, siagi inatoka na harufu ya kuungua.

MzeeWaKaranga: Chebet, saga kidogo kidogo, ipumzishe. Fungua uzi wako tusaidiane.

MamaNjugu_Kibuye: Asante sana mzee. Kumbe nilikuwa nawaonyesha sehemu isiyonigharimu. Je, nitaje kwamba njugu zinatoka Ndhiwa?

Omosh_254: Usitaje, wenzako watamfuata mkulima wako.

MzeeWaKaranga: Mimi ningetaja Ndhiwa bila jina la mkulima. Mteja wa Kisumu anaijua njugu ya Homa Bay.

MamaNjugu_Kibuye: Hapo bado nasita, kuna msimu nalazimika kununua kwingine. Kesho naanza na beseni na mizani.